Iafoni nimevaa, lakini skwadi wanasikia risasi zangu. Na mwangwi juu. Msaada wakuu

Uyole_Kijana · Ijumaa, saa 4:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Naombeni msaada kabla wenzangu hawajanitoa kwenye skwadi.

Tunacheza PUBG Mobile wanne. Mimi na binamu yangu tuko hapa Uyole, wa tatu yuko Iringa, Kihesa, wa nne Makambako. Kuna shida mbili, sijui kama ni moja imejigawa.

Ya kwanza ni mwangwi. Nikisema "yuko nyuma ya jiwe", kama nusu sekunde baadaye nasikia sauti yangu inarudi kwenye sikio, "...ya jiwe". Wa Makambako naye anajisikia hivyohivyo. Wa Kihesa anasema kwake ni safi kabisa, kwa hiyo mbovu ni mimi.

Ya pili, wote wanasema wanasikia gemu langu: hatua, risasi, hata gari likiwaka. Hiyo ndiyo inayonichanganya. Natumia iafoni za waya, zimeziba masikio vizuri, sauti inatokea wapi?

Nimeshafuta gemu nikalipakua upya. Bando limekwisha, shida imebaki.

NyotaKabwe · saa 4:20 usiku

Hiyo ni net mkuu. Seva ziko mbali, sauti inakwenda na kurudi ikiwa imechelewa ndiyo unajisikia. Hama laini, au cheza usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Mimi mwangwi uliisha nilipobadilisha laini.

Mzee_wa_Ipogolo · saa 4:31 usiku

Afadhali wewe unasikika. Mimi maiki haisikiki kabisa! Nimebadilisha iafoni mara tatu na naongea mpaka majirani wanaamka. Nifanyeje?

FundiMwanjelwa · saa 4:58 usiku

Nimefunga banda muda si mrefu, ngoja niwajibu nikiwa naota moto.

Kijana wa Uyole, una shida mbili tofauti na mwenye kosa si mmoja. Tuanze na mwangwi.

NyotaKabwe kasema nusu ya kweli. Net inaamua sauti irudi ikiwa imechelewa kiasi gani. Haiamui kama irudi au isirudi. Sauti yako ikifika kwa mwenzako, ili irudi kwako lazima kuwe na mlango wa kuingilia tena, na mlango huo ni maiki ya mwenzako. Spika yake inakutoa kwa sauti, maiki yake inakuokota, inakurudisha. Net ikiwa nzuri sana unajisikia karibu papo hapo na unaweza usigundue. Nadhani ndicho kilichomtokea Nyota kule Kabwe: mwangwi ulibaki, ila ulikuja haraka ukajificha nyuma ya sauti yake.

Sasa angalia ulichoandika mwenyewe. Wewe unajisikia. Makambako anajisikia. Kihesa hajisikii. Mlango uko kwa nani?

Anayelalamika mwangwi siye anayeuleta. Anayeuleta hawezi kuusikia, kwa sababu sauti yake mwenyewe haitoki kwenye spika yake. Kwenye skwadi ya wanne, ukisikia watatu wanalia na mmoja anasema "kwangu safi", huyo wa safi ndiye wa kumwangalia kwanza. Usimtukane, mwambie azime maiki kwa dakika moja, halafu wewe ongea. Ukinyamaza mwangwi, umempata.

Mzee wa Ipogolo, shikamoo. Suala lako ni jingine. Tazama pini ya iafoni zako: ina mistari myeusi mingapi?

Mlenga_Kihesa · saa 5:15 usiku

Kamwene wote. Mimi ndiye huyo wa Kihesa mnayemsema. Nimeletewa linki na binamu mtu.

Simu yangu haina tatizo, nilipigiwa na mama leo na hakulalamika. Tundu la iafoni limekufa tangu mwaka jana kwa hiyo natumia spika ya simu, lakini simu zina kitu cha kukata mwangwi ndani yake, hilo hata fundi analijua. Kama ingekuwa mimi, simu ya kawaida ingekuwa na mwangwi pia.

FundiMwanjelwa · saa 5:29 usiku

Hoja yako ni nzuri na nusu yake ni sahihi. Kweli simu ina kikata mwangwi. Kinafanya hivi: simu inajua ni sauti gani imeipeleka kwenye spika, kwa hiyo ikiikuta sauti hiyohiyo inaingia kwenye maiki inaitoa. Ni kama mtu anayejua deni lako, akikuona na fedha anakata lake kwanza.

Hesabu hiyo inakubali kama kilichotoka kwenye spika kinafanana na kilichorudi. Ukipandisha sauti mpaka mwisho, spika ndogo ya simu inakwaruza, na kinachotoka si kile simu ilichodhani imetuma. Kikata mwangwi hakikitambui, kinakiacha kipite. Mama akikupigia spika ndogo ya sikioni inanong'ona tu. Ukiwa vitani umeweka sauti kiasi gani?

Na una kava gani?

Mlenga_Kihesa · saa 5:33 usiku

Sauti mwisho, ili nisikie hatua. Kava ni lile la mpira mnene la kuzuia simu isivunjike ikianguka.

FundiMwanjelwa · saa 5:41 usiku

Hapo. Tazama chini ya simu, karibu na tundu la chaji, kuna kitobo kidogo cha maiki. Kava nyingi nene kitobo chake hakikai sawasawa na cha simu. Sauti ya spika inaingia chini ya mpira, inatembea ndani kama upepo kwenye bomba, inatokea kwenye maiki ikiwa na nguvu kuliko sauti ya mdomo wako. Vua kava, shusha sauti mpaka katikati, wenzako waongee. Usiweke vitu vingine kwanza, fanya hayo mawili tu tujue.

Kijana, kesho tunashughulikia iafoni zako. Nalala, Mwanjelwa baridi ni kali.

Mzee_wa_Ipogolo · Jumamosi, saa 1:05 asubuhi

Marahaba fundi. Pini ina mistari miwili. Zote tatu.

FundiMwanjelwa · saa 2:40 asubuhi

Basi hizo ni za kusikilizia muziki, hazina maiki ndani. Ukiongea karibu na waya unaongea na waya. Simu inatumia maiki yake ya chini, na ukilaza simu kucheza, kiganja cha kulia au cha kushoto kinaiziba. Geuza simu upande wa pili, kitobo kibaki wazi, ujaribu. Zenye maiki pini yake ina mistari mitatu. Kama bado kimya, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, uone kama gemu limeruhusiwa kutumia maikrofoni.

Lakini usizitupe hizo zako, nitazirudia chini.

Mlenga_Kihesa · saa 3:10 asubuhi

Nimevua kava, nimeshusha sauti mpaka nusu. Makambako anasema mwangwi umeisha, binamu wa Uyole anasema anausikia kwa mbali sana nikiwa kwenye gari tu.

Sawa. Ilikuwa mimi. Lakini sasa hatua sizisikii.

Uyole_Kijana · saa 3:22 asubuhi

Shikamoo fundi. Asante kwa la kwanza. Sasa hili langu. Iafoni zina mistari mitatu, nimeangalia. Nilinunua elfu 4 pale Kabwe, zina miezi kama mitano.

FundiMwanjelwa · saa 3:50 asubuhi

Marahaba mdogo wangu. Jambo moja kabla hatujaendelea: wewe na binamu yako mnacheza chumba kimoja?

Uyole_Kijana · saa 3:52 asubuhi

Kitanda kimoja, yeye kichwani mimi miguuni.

FundiMwanjelwa · saa 4:14 asubuhi

Basi hapo kuna kitu cha tatu hamjakisema. Ukiongea, maiki yako inakuokota na maiki ya binamu inakuokota. Kihesa anakusikia mara mbili, ya pili hafifu na imechelewa kidogo. Hiyo hakuna simu itakayoikata, kwa sababu kwa simu ya binamu wewe ni mtu aliyekaa karibu, hujatoka kwenye spika yake. Mmoja wenu azime maiki. Mwenye sauti kubwa aongee kwa niaba ya wote wawili, anayebaki amnong'oneze.

Turudi kwenye risasi. Gemu linavuja kwa njia mbili, na ukizichanganya utanunua iafoni kila mwezi.

Njia ya kwanza ni ya hewani. Sauti inatoka sikioni, inaingia kwenye kimaiki cha kwenye waya. Iafoni za kubana zikikaa vizuri hii huwa ndogo sana.

Njia ya pili iko ndani ya waya, na hiyo watu wengi hawaijui. Pini yenye mistari mitatu ina vipande vinne: sikio la kushoto, sikio la kulia, maiki, na kimoja cha kurudisha umeme. Hicho cha kurudisha kinatumiwa na masikio na maiki kwa pamoja. Kikiwa kizima, umeme wa risasi zako unapita kwenda zake. Kikichoka, waya ukiwa mwembamba sana au tundu la simu likiwa na vumbi, unakwama kidogo, na kile kinachokwama maiki inakihesabu kama sauti. Yaani gemu linaingia kwenye maiki bila kupita hewani hata sentimita moja. Ndiyo maana unaweza kuziba masikio unavyotaka na bado wakakusikia.

Kujua ni ipi ni rahisi. Ingieni sehemu ya mazoezi, Makambako akusikilize. Vua iafoni, zifunike chini ya mto, kimaiki kiwe mbali nazo, kibane kwa kidole gumba. Sasa mwambie binamu akupigie risasi kwenye simu yako. Makambako akisikia kimya, uvujaji ni wa hewani. Akisikia risasi kama kawaida, ni waya au tundu.

Dada_Rungwe · saa 4:40 asubuhi

Mimi siko kwenye mambo ya waya, lakini niseme langu. Niko Tukuyu, na anayeijua Tukuyu anajua mvua yake, na nyumba yetu ni bati bila dari. Mvua ikianza, wenzangu wanasikia kama nakaanga samaki. Nikaweka maiki ya kubonyeza ndipo uongee, ile gemu nyingine zinaandika Push to Talk, na ugomvi ukaisha siku hiyohiyo. Kwa nini mnahangaika na mito na vidole gumba? Bonyezeni mkiwa na la kusema, achieni.

Mlenga_Kihesa · saa 4:47 asubuhi

Dada heshima yako, lakini kidole cha kubonyeza nakitoa wapi? Gumba la kushoto linatembea, la kulia linalenga na kupiga. Nikibonyeza maiki niseme "ananipiga", nimeshakufa. Taarifa inafika, mtoa taarifa yuko kwenye sanduku.

Dada_Rungwe · saa 4:51 asubuhi

Kidole cha shahada cha kushoto kinafanya kazi gani kwako? Kushikilia kava?

Uyole_Kijana · saa 9:30 alasiri

Nimefanya jaribio la mto. Iafoni chini ya mto na blanketi juu, kimaiki nimekibana. Makambako anasema anasikia kila risasi, na kitu cha ajabu, anasema zinasikika zaidi nikinyamaza. Nikiongea zinapungua.

FundiMwanjelwa · saa 12:18 jioni

Ni waya basi. Na hilo la kunyamaza si la ajabu. Simu inapandisha maiki yenyewe ikiona pako kimya, ikitafuta sauti ya mtu, na ikisikia unaongea inashusha. Kwa hiyo wanaonyamaza sana vitani ndio wanaovuja sana.

Anza na cha bure. Zima simu. Chukua kijiti cha meno kikavu, cha mti, usitumie sindano wala pini, zungusha taratibu ndani ya tundu. Vumbi la huku ukichanganya na nyuzi za koti linajenga kitu kama godoro mle ndani, pini haiingii mpaka mwisho. Futa na pini yenyewe kwa kitambaa. Rudia jaribio la mto. Kisha azima iafoni nyingine kwa jirani, rudia tena.

Dada wa Rungwe kasema la maana, ila litatue kosa kwanza. Ukiwa na waya mbovu na ukaweka ya kubonyeza, hutavuja ukinyamaza, lakini kila ukibonyeza unatuma sauti yako na vita nzima. Na wewe wa Kihesa, ukibonyeza wakati wenzako wanaongea kwenye spika, mwangwi uko palepale. Kubonyeza kunafunga mlango, hakuondoi kilicho nje ya mlango.

Uyole_Kijana · saa 2:45 usiku

Majibu. Nimetoa vumbi tundu zima, sikuamini. Baada ya hapo risasi zimepungua, Makambako anasema kama nusu. Nikaazima za dada yangu: kimya kabisa, sauti yangu tu. Nikarudisha zangu: risasi zimerudi. Nikikunja waya pale karibu na pini zinaongezeka.

FundiMwanjelwa · saa 3:02 usiku

Imeshajieleza. Waya umekatika nyuzi kadhaa pale shingoni mwa pini. Naweza kukata na kuchomelea pini mpya, lakini kwa iafoni ya elfu 4 nisikudanganye, haifai.

Sasa ndipo narudi kwa Mzee wa Ipogolo. Pini ya mistari miwili haina waya wa maiki, kwa hiyo gemu halina pa kuvujia ndani ya waya. Masikio yanatumia iafoni, mdomo unatumia maiki ya simu. Mimi mwenyewe nacheza hivyo. Ubaya wake ni kiganja kuziba kitobo, na kucha zikigonga kioo zinasikika. Ukinunua za mistari mitatu nunua yenye waya mnene kidogo, na ujaribu mto hapohapo dukani kama muuzaji ni mvumilivu.

Na mwezi huu wa baridi, kimaiki kisining'inie kwenye zipu ya koti. Kile kinachosikika kama mtu anakwangua sufuria ni zipu.

Njombe_Baridi · saa 3:20 usiku

Wote mnahangaika na waya, nunueni za Bluetooth. Hazina waya wa kuvuja. Mimi tatizo langu ni dogo tu: nikiwasha maiki sauti ya gemu inakuwa kama redio ya betri zilizochoka, hatua sijui zinatoka kulia au kushoto. Nikizima inarudi nzuri. Labda nimepata feki.

FundiMwanjelwa · saa 3:44 usiku

Si feki. Bluetooth ina njia ya muziki, pana lakini inakwenda upande mmoja tu, na ina njia ya simu, nyembamba ila inakwenda na kurudi. Maiki ya iafoni ikihitajika, simu inahamia njia nyembamba, na gemu lako lote linabanwa humo, masikio mawili yanapewa sauti moja. Ndiyo maana kulia na kushoto vinapotea. Bonyeza kitufe cha sauti wakati huo: pakitokea alama ya simu badala ya noti ya muziki, uko kwenye njia ya simu.

Hapo kuna jambo la kuangaliwa na Dada wa Rungwe pia. Kwa Bluetooth, kubonyeza ndipo uongee kunaweza kuwa kubaya kuliko kuacha maiki wazi. Kama kila ukibonyeza simu inahama njia, neno la kwanza linaliwa. Unasema "usiende kule", wanasikia "kule".

Dada_Rungwe · saa 3:51 usiku

Haa, ndiyo maana yule wa Mafinga huwa anatupeleka kwa maadui! Mimi natumia waya na silabi ya kwanza inapotea wakati mwingine. Nimezoea kubonyeza, napumua, ndipo naongea, na naachia baada ya neno la mwisho kuisha, siyo pamoja nalo.

Njombe_Baridi · saa 4:03 usiku

Fundi, mbona mimi nimeweka ya kubonyeza na sauti ni mbaya muda wote, hata nisipobonyeza?

FundiMwanjelwa · saa 4:10 usiku

Simu yako ni Android 12 au zaidi? Ukiwa ndani ya mechi tazama kona ya juu kulia kama kuna kidoti cha kijani. Kidoti kikiwepo hata usipobonyeza, gemu limeshika maiki muda wote, halitumi tu. Kitufe kinazuia kutuma, hakiachii maiki. Hapo utabaki kwenye njia nyembamba mpaka uzime maiki kabisa.

Njombe_Baridi · saa 4:26 usiku

Kipo muda wote. Kwa mdogo wangu, gemu jingine, kinatokea akibonyeza tu. Kwa hiyo ni gemu au ni simu?

FundiMwanjelwa · saa 4:30 usiku

Badilishaneni magemu kwenye simu hizohizo ndipo tujue.

Mlenga_Kihesa · Jumapili, saa 11:15 jioni

Dada wa Rungwe nimejaribu kidole cha shahada. Nimehamisha kitufe cha maiki juu kushoto, nimefanya mazoezi saa nzima na bado nasimama nikibonyeza, gumba linasahau kutembea. Nimeuawa mara nne nikiwa natoa taarifa nzuri sana. Tukitua na tukiwa na spika naweka ya kubonyeza, tukibaki wachache nafungua maiki na kushusha sauti. Wiki ijayo nampelekea fundi wa hapa Mlandege tundu langu la iafoni.

Makambako_Stendi · saa 11:52 jioni

Mimi ndiye wa nne, nimechoka kutajwa tu. Mwangwi umeisha, risasi zimeisha. Sasa namsikia binamu mtu anakoroma, kalala na maiki wazi, na simu ya Uyole_Kijana iko hewani mfukoni mwa mtu. Mwamsheni, tuko sekunde 40 kabla ya ndege.